Nyuma Nikufanyie Nini?

Swali huja mwishoni. Kichwa kimeshapunguzwa, pembeni pameshachongwa, ndevu zimeshanyooshwa, na mteja ameanza kuwaza nauli na foleni ya kurudi nyumbani. Ndipo kinyozi anamwinamisha kichwa kwa vidole viwili, anapangusa nywele zilizoganda shingoni na kuuliza: "Nyuma nikufanyie nini?" Wengi wetu hujibu kidevu kikiwa kifuani: "Weka vizuri tu." Kwa jibu hilo kinyozi anachukua mashine ndogo, anapiga mstari mmoja wa mlalo, anachonga pembe mbili, basi. Mtu anaondoka na mraba shingoni ambao hakuuchagua, na ambao hatauona mpaka ashikiwe kioo cha pili.

Nimekaa kwenye vibanda vya vinyozi tangu utotoni, kwa sababu mjomba wangu alikuwa na kibanda chake Magomeni, Dar es Salaam, na likizo zangu nyingi ziliishia pale nikifagia nywele na kukung'uta mashuka. Kwa miaka mingi niliamini, kama wateja wake wengi, kwamba nyuma ni kumalizia tu. Sasa ninaamini kwamba swali lile linapaswa kuulizwa kwanza, kabla mashine haijawashwa. Kuna majibu matatu, na kila moja linazitaka nywele zile za chini kabisa. Zikishaondolewa kwa ajili ya jibu moja, hazipo tena kwa ajili ya jingine.

Jibu la kwanza ni mraba: mstari ulionyooka unakatiza shingo kutoka upande hadi upande, na kila mwisho una pembe inayopanda wima kuelekea nyuma ya sikio. La pili ni duara: mstari upo vilevile, ila pembe zimeondolewa, na ukingo wa nywele umepinda kama kitako cha bakuli. La tatu ni kufifisha: mstari haupo. Nywele zinapungua urefu kidogo kidogo kadiri zinavyoshuka, mpaka zinayeyukia kwenye ngozi palepale zinapoishia zenyewe. Vijana hili la tatu wanaliita fedi, na kinyozi anawaelewa, lakini fedi hasa inazunguka kichwa kizima, inapanda juu ya masikio na mara nyingine inakaribia utosi. Kufifisha ninakokusema hapa ni kazi ya upana wa vidole viwili au vitatu juu ya shingo. Kwingine kote kichwani nywele zinaweza kubaki na urefu wake uleule.

Kiswahili kina neno zuri kwa mahali hapa: ukosi. Ukosi ni nyuma ya shingo, na ukosi huohuo ndio kola ya shati au ya kanzu. Neno moja limebeba ngozi na kitambaa kinachoigusa, na nitalirudia jambo hilo baadaye kwa sababu liliniuma mimi mwenyewe. Lakini kwanza kuna mstari ambao hakuna kinyozi aliyeuchora.

Kila mtu ana mpaka wake wa asili kwenye ukosi, mahali nywele za kichwa zinapokoma na malaika ya shingoni yanapoanza. Kwa watu wachache mpaka huo ni mlalo na nadhifu. Kwa wengi una vituko: unashuka katikati kama ulimi, au unashuka pembeni kwa mikia miwili, au upande wa kushoto uko chini kuliko wa kulia. Kuna shingo ambazo nywele zake hazishuki chini bali zinalala kwa upande, na nyingine zinapanda juu. Huwezi kulijua hilo kwa kutazama kichwa kilichoinama. Mjomba alikuwa akimwambia mteja akae wima, atazame mbele kama anayepigwa picha ya pasipoti, kisha anapitisha ncha ya kidole kutoka chini kwenda juu, halafu kutoka kushoto kwenda kulia. Upande ambao nywele zinakwaruza kidole, huko ndiko zinakotokea. Kazi ya sekunde kumi, na karibu uamuzi wote umo humo.

Mraba unapendwa, na naelewa kwa nini. Siku ya kwanza hakuna kinachoushinda. Unaonekana kutoka mbali, unasema huyu mtu ametoka kunyolewa sasa hivi, na kwa nywele zetu zilizojikunja na kushikamana ukingo wake unasimama imara kama mkeka uliokatwa kwa mkasi. Kwenye nywele zilizonyooka na laini ukingo wa namna hiyo hauwi mkali kiasi hicho, maana kila unywele unaning'inia peke yake. Tena kwa mwenye shingo nyembamba na ndefu mraba ni msaada wa kweli. Mstari wa mlalo unalipeleka jicho upande kwa upande, na shingo inaonekana imenenepa kidogo.

Mwenye shingo pana anapata kinyume chake. Jicho lile lile linalopelekwa pembeni linafika kwenye pembe mbili, nazo zimekaa mahali shingo ilipo pana zaidi. Ukiongeza kwamba mraba mara nyingi hukatwa juu ya mpaka wa asili, unapata shingo fupi iliyovishwa kofia. Nimeona wanaume wenye mabega mazuri wakiharibiwa umbo na pembe mbili tu.

Halafu kuna kupanda. Hili ni kosa ambalo kila kinyozi amelifanya na wateja wachache wanalijua. Kinyozi anapiga mstari, anautazama, anaona kulia kuko juu kidogo. Anapandisha kushoto ili palingane. Anatazama tena, sasa kushoto ndiko kuliko juu. Anapandisha kulia. Kila marekebisho ni milimita moja au mbili, na hakuna njia ya kushusha, kwa kuwa nywele iliyokatwa hairudi. Baada ya marekebisho matatu mstari umehama upana wa kidole kutoka mahali nywele zinapoishia kweli. Chanzo mara nyingi ni kile kichwa kilichoinama. Mtu akiinamisha kichwa, ngozi ya ukosi inavutika. Akikiinua, inajikunja tena, na mstari uliokuwa umenyooka unaweza kuonekana umepinda. Kinyozi mzuri anakata kidogo kichwa kikiwa kimeinama, anamwambia mteja ainuke, anarudi nyuma hatua mbili, anatazama, ndipo anaendelea. Mwenye haraka anamaliza yote kichwa kikiwa chini na kugundua mteja alipokwisha kusimama.

Unaweza kujua kama mstari wako umepandishwa bila kuuona. Weka kidole kwenye ukingo, kisha ukishushe polepole. Ukikutana na ngozi laini au malaika tu, mstari umekaa mahali pake. Ukikutana na vishina vya nywele kama msasa, kwa upana wa kidole kizima, mstari umekatwa ndani ya nywele zako, na vishina hivyo vitaota vyote kwa pamoja.

Na vinaota upesi kuliko tunavyodhani. Nywele za watu wenye asili ya Afrika hukua wastani wa robo milimita kwa siku, polepole kidogo kuliko za watu wengine, na bado robo milimita inatosha. Siku ya tano pana zaidi ya milimita 1 ya nywele mpya chini ya mstari. Kichwani milimita 1 haionekani. Kwenye ngozi tupu iliyo chini ya ukingo mkali inaonekana kama kivuli, kama masizi, na ukali wa mstari ndio unaoionyesha. Siku ya kumi mraba umekuwa na ghorofa mbili. Kwa hiyo mwenye kuchagua mraba achague pia kurudi kwa kinyozi kila wiki, au siku kumi zikizidi sana. Kama mfuko wake au ratiba yake ni ya mwezi mara moja, amechagua siku nne za unadhifu na wiki tatu za kuonekana amejiacha. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema ni suala la ladha. Ladha inaamua siku ya kwanza. Siku zilizobaki zinaamuliwa na kalenda.

Duara haihitaji maneno mengi. Ni mraba ulioondolewa sehemu inayoharibika kwanza. Pembe ndiyo inayochakaa mapema, hasa kwa mtu ambaye nywele za pembeni mwa shingo zinalala kwa upande, maana pale nywele zinavuka mstari badala ya kuufuata. Ukiikata pembe kwa mpindo, ukingo mpya unakwenda sambamba na mwelekeo wa nywele na unatulia siku chache zaidi. Inamfaa pia mtu ambaye nywele za pembe zimeanza kuwa chache kwa umri, kwa kuwa pembe ya mraba inataka nywele nzito mpaka kwenye ncha yake. Ila duara ni mstari, na yote niliyosema juu ya mstari yanaihusu: inaota kivuli, na inaweza kupandishwa. Mpindo nao una mtego wake. Ukizidishwa, nyuma ya kichwa inafanana na ya mtoto aliyewekewa bakuli kichwani. Mpindo unaotosha ni ule unaoanza kama kidole kimoja kabla ya pembe ilipokuwa. Katikati pabaki karibu mlalo.

Sasa nirudi kwenye ukosi na kola yake.

Nilipokuwa na miaka 23 nilipata kazi ya kuvaa shati na tai, na nikaanza kwenda kila Jumamosi kwenye saluni moja ya mjini, si kwa mjomba, kwa sababu ilikuwa na viti vya kuzunguka na kiyoyozi. Kila Jumamosi nilitaka mraba, na kila Jumamosi ulimaliziwa kwa wembe, ngozi ikavutwa, mstari ukang'aa. Baada ya miezi kama mitatu nilianza kuhisi vipele viwili vitatu chini ya mstari. Vilikuwa vigumu kama punje za mtama, na vilikuwa vikiwasha mchana wakati jasho na kola vikikutana. Niliporudi saluni na kulalamika, nilipakwa spiriti na kuambiwa wembe ulikuwa mpya. Pengine ulikuwa mpya kweli. Wembe mpya ndio unaokata chini zaidi.

Nywele iliyojikunja haiachi umbo lake hata ikiwa fupi. Ukiikata kwa wembe huku ngozi imevutwa, ncha inabaki chini ya uso wa ngozi, imechongoka kama mkuki. Ngozi ikirudi, unywele unakua kwa mpindo wake na kuchoma ngozi kwa ndani, au unatoka na kujikunja kurudi ndani. Mwili unaupokea kama mwiba. Hivyo ndivyo vipele vya kawaida vya wembe. Kwa baadhi ya watu jambo linakwenda mbali zaidi: vipele vinakuwa vya kudumu, vinaacha makovu magumu yaliyovimba, na nywele hazioti tena pale. Madaktari wa ngozi wanauita ugonjwa huo akne keloidalis, jina linalopotosha mara mbili, kwa kuwa si chunusi na makovu yake si keloidi halisi. Huwapata zaidi wanaume wenye nywele zilizojikunja, huanza baada ya balehe, na hukaa hasa kwenye ukosi. Miongoni mwa mambo yanayouchochea ni kunyoa karibu sana na ngozi mara kwa mara, na msuguano: kola ngumu, kofia ngumu ya pikipiki. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake wamechunguza magonjwa ya kichwa yanayohusiana na mitindo ya nywele, na wameandika pia juu ya damu inayotoka mtu anaponyolewa. Damu hiyo inamhusu anayekalia kiti hicho baada yako, kama mashine haikusafishwa.

Mjomba aliponiona alinigeuza kwenye mwanga wa mlango, akatazama, asiguse. "Nani amekufanya hivi, mwanangu?" Sikumtajia. Akaniambia hatanipiga mstari wowote mpaka ngozi itulie, na kwamba mashine haitapita hapo bila kichana cha namba moja. Namba moja inaacha milimita 3, na kwa nywele zetu huo ni urefu unaotosha ncha kubaki nje ya ngozi. Nilikaa miezi miwili nikiwa na nyuma isiyo na mstari, na nilijiona kama mtu asiyenyolewa. Vipele vyangu viliondoka kwa kuwa vilikuwa vichanga. Vingekuwa vimeota makovu, au kutoa usaha, mahali pake pangekuwa kliniki ya ngozi. Kuna dawa za kupaka na za kumeza zinazosaidia zikianza mapema, na spiriti si mojawapo. Kwa yeyote mwenye vipele hivi, mazungumzo ya mraba na duara yamekwisha. Kinachobaki ni kufifisha, na ni kufifisha kwa mashine inayoacha kitu, kusikoishia kwenye ngozi tupu.

Kufifisha ni kugumu zaidi kwa mkono na kupole zaidi kwa mwenye shingo. Nilikuelewa vizuri siku moja nikiwa kibandani kwa mjomba, alipoingia mwalimu wa sekondari, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyebakiza siku tatu afunge ndoa. Alisalimia, "Shikamoo mzee," akaitikiwa, akakaa, na kabla hajafungwa shuka akasema anataka namba mbili kichwa kizima na mraba mkali nyuma, kwa sababu picha nyingi zitapigwa akiwa ameelekea mbele msikitini, mgongo kwa watu.

Shingo yake ilikuwa fupi na pana. Mjomba alimkalisha wima na kupitisha kidole. Katikati nywele zilikoma mapema, lakini pembeni zilishuka mikia miwili, wa kushoto mrefu kuliko wa kulia kwa karibu sentimita 1, na huo wa kushoto ulilala kwa upande kuelekea sikioni. Chini ya mkia wa kulia palikuwa na vipele viwili vya zamani, vimekauka. Mtu mwingine angeeleza kwa maneno. Mjomba alichukua kitana cheusi, akakilaza mlalo kwenye ukosi wa mwalimu, ukingo wake wa chini ukiwa mahali ambapo mstari wa mraba ungepita, akaniambia nipige picha kwa simu ya mwalimu mwenyewe. Kisha akakiondoa kitana, nikapiga nyingine.

Mwalimu alizitazama zote mbili kwa muda mrefu. Kwenye ile ya kwanza shingo yake ilikuwa imekatwa nusu. Ili kuifuta mikia yote miwili kwa mstari mmoja ulionyooka, kitana kilibidi kikae juu ya mkia mfupi, na kutoka hapo mpaka kola pangebaki ngozi tupu pana kama kiganja. Kwenye ya pili nywele zilishuka, na shingo ikawa na urefu.

"Sasa hii mikia, mzee?"

"Mikia tutaila kutoka chini, polepole. Mstari hatupigi."

Nitaeleza alivyofanya, kwa sababu nimewaona wengi wakidhani kufifisha ni kusugua mashine mpaka paonekane vizuri. Alianza na namba mbili kichwa kizima, milimita 6, mpaka chini kabisa, bila kuugusa ukingo. Kisha akaweka vidole viwili juu ya mpaka wa asili wa katikati, akaweka alama kwa macho: hapo ndipo kufifia kutaanzia, na juu ya hapo mashine haitarudi. Akavaa namba moja, akapanda kutoka chini mpaka nusu ya nafasi ile, na kila alipofika juu aliuvuta mkono nje kama mtu anayechota kwa kijiko, ili meno yaiache nywele kabla ya kusimama. Anayesimamisha mashine ikiwa bado imebanwa kichwani anaacha ngazi.

Ngazi ilikuwapo hata hivyo, hafifu, pale milimita 3 zilipokutana na 6. Lazima iwepo. Mjomba aliloanisha mahali hapo kwa chupa ya kupulizia, akamgeuza mwalimu ubavu kuelekea mlangoni, na ukanda mweusi ukajitokeza kama pindo la nguo. Nywele kavu huficha ukanda huo, na taa ya juu huuficha zaidi. Mwanga wa ubavuni unausema. Hapo akafungua mkono wa pembeni wa mashine, ule unaosogeza meno, huku namba moja ikiwa bado imevaliwa, akapata urefu ulio kati ya hizo mbili, na akaupitisha kwenye ukanda tu, kwa kona ya mashine, mara nne au tano. Ukanda ukayeyuka. Mwisho akavua kichana, akaacha mkono wa mashine wazi ili meno yasikae kwenye ngozi, akamaliza nusu ya kidole ya chini kabisa, akifuata mpaka wa asili ulivyo, na mikia akaipunguza kutoka nchani kwenda juu mpaka ilipolingana na katikati kwa macho. Sikuwa na rula, lakini nina hakika kwamba kwa rula haikulingana. Mkia wa kushoto ulibaki chini kidogo, na kwa kuwa haukuwa na ukingo, hapakuwa na kitu cha jicho kulinganisha.

Hilo ndilo ambalo mistari miwili ya kwanza haiwezi kumpa mtu. Mraba na duara vinamtaka mtu awe sawa pande mbili, na sisi hatuko sawa. Kila kasoro ya shingo inahukumiwa kwa mstari uliowekwa juu yake.

Kufifisha nako kuna mwisho wake. Mtu ambaye nywele za shingo zinaendelea bila kukoma mpaka mgongoni hana mpaka wa kufifia, na kinyozi analazimika kumchagulia mahali pa kuishia, yaani kumpigia mstari kwa jina jingine. Kwa huyo ningesema wazi achukue duara ya chini kabisa na kusafishwa chini yake. Na mwenye shingo nyembamba iliyo na bonde katikati ya mishipa miwili ataonekana mwembamba zaidi akififishiwa, maana hakuna kinacholizuia jicho kuteremka. Yule ningempa mraba, ingawa nao nikimtazama kutoka juu kidogo, kama watu wanavyomtazama aliyekaa, mstari wake utaonekana unapinda pale bonde linapoanza. Mkono uliochoka nao ni kikomo. Mstari unachukua dakika mbili; kufifisha kule kulichukua karibu robo saa, bei ileile.

Vile vipele viwili mjomba hakuvipitia kabisa. Aliviacha na nywele zake, akampangusa mwalimu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na alipoombwa amalizie kwa wembe "kwa ajili ya siku yenyewe" alikataa kwa upole. Alimwambia ni heri amekuja siku tatu kabla. Mraba hukatwa jioni ya kuamkia shughuli, maana una siku moja tu ya ubora wake. Nyuma iliyofifishwa inakaa vizuri zaidi siku ya pili au ya tatu, wekundu wa ngozi ukiwa umetulia na nywele zikiwa zimejikunja upya mahali pake.

Mwalimu aliporudi ilikuwa imepita wiki ya nne. Nilimtazama ukosi kabla hajakaa, kwa mazoea. Nywele zilikuwa zimeongezeka milimita 6 au 7, mikia ilikuwa imeanza kurudi, na nyuma yote ilikuwa imejaa kidogo, kama nyasi baada ya mvua moja. Lakini hapakuwa na kivuli, kwa sababu hapakuwa na ukingo wa kukitenga. Alama pekee niliyoiona ni mkunjo mwepesi wa kola.

Mjomba mwenyewe alikuwa akinyolewa kwa jirani, mtaa wa pili, kwa kuwa kinyozi hajinyoi. Nilimsindikiza mara kadhaa. Nywele za pembeni mwa shingo yake zilikuwa zimekuwa chache, nyeupe, na zililala kwa upande. Aliketi, akanyoosha mgongo, akasubiri shuka ifungwe. Jirani alinyoosha mkono kwenye swichi, na mjomba, kabla mashine haijalia, akaweka kidole chake mwenyewe kwenye ukosi na kusema: "Nyuma duara. Anzia hapa. Usipande."